Maana ya Alama za Kuzuia Maji kwenye Vipokea Sauti vya Michezo



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu maandishi mafupi sana. Ni herufi tatu na tarakimu moja, nazo huchapwa kwenye boksi la vipokea sauti vya masikioni vinavyouzwa kwa ajili ya wakimbiaji na wafanya mazoezi, vile ambavyo wengi wetu tunaviita iyafoni. Maandishi hayo huwa IPX4, IPX5, IPX7 au IPX8. Kando yake mara nyingi kuna picha ya matone ya maji, au ya mtu anayekimbia mvuani, na pengine ya mtu aliye ndani ya bwawa. Mnunuzi huitazama picha na kuamini kwamba ndiyo maelezo ya alama. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba picha na alama ni mambo mawili tofauti, na kwamba alama, ukiisoma kama ilivyoandikwa, inaahidi jambo dogo na mahususi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na alama yenyewe. IP ni mfumo wa kimataifa wa kupima namna ganda la kifaa cha umeme linavyozuia vitu vigumu na maji. Umeelezwa katika kiwango kinachojulikana kama IEC 60529. Baada ya herufi IP hufuata nafasi mbili. Ya kwanza inahusu vumbi na vitu vigumu. Ya pili inahusu maji. Panapoandikwa X, maana yake si sifuri. Maana yake ni kwamba mtengenezaji hakutaja kiwango katika nafasi hiyo. Hivyo IPX4 yatuambia kuhusu maji tu na kunyamaza kuhusu vumbi, wakati IP54 yazungumzia yote mawili. Anayekimbia ufukweni au kwenye barabara ya vumbi ana sababu ya kuutazama unyamavu huo wa X kabla ya kulipa.

Sasa tarakimu ya maji. Tarakimu 4 maana yake kifaa kilirushiwa maji kutoka kila upande kwa dakika chache, kwa njia ya kunyunyiza, na hakikudhurika. Tarakimu 5 maana yake kilielekezewa maji kutoka mdomo wa bomba wenye kipenyo cha milimita 6.3, lita 12.5 kwa dakika, mpimaji akiwa umbali wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa muda usiopungua dakika tatu. Tarakimu 7 maana yake kitu kidogo kama kipokea sauti kilizamishwa hadi sehemu yake ya chini kabisa ikawa mita moja chini ya uso wa maji, kikaachwa humo dakika 30. Tarakimu 8 ni kuzamishwa katika hali kali kuliko hiyo, lakini kina na muda hupangwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa sababu hiyo IPX8 isiyofuatana na maelezo ya mita ngapi na kwa dakika ngapi ni sentensi iliyokatwa katikati.

Yako mambo matatu katika vipimo hivi ambayo boksi haliyasemi, nayo ndiyo yanayoleta hasara. La kwanza, maji yanayotumika ni maji baridi ya kawaida. Si jasho, si maji ya bahari, si maji ya bwawa yenye klorini, wala si maji yenye sabuni. La pili, kifaa kinachopimwa ni kipya. Gundi iliyounganisha ganda bado ni nzima, mpira wa kuzibia haujakauka, na kifaa hakijawahi kuanguka sakafuni. La tatu, katika kipimo cha kuzamisha, joto la maji halitakiwi kutofautiana na joto la kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5. Kifaa hulala kimya, katika maji yaliyotulia. Hakuna anayeogelea kwa namna hiyo.

Tena wengi hudhani kwamba tarakimu kubwa hubeba ndani yake sifa za tarakimu zote ndogo. Hilo ni kweli hadi tarakimu 6 tu. Kifaa kilichofaulu kuzamishwa kwa tarakimu 7 hakihesabiwi kuwa kimefaulu pia kipimo cha maji ya kasi cha tarakimu 5 au 6. Maji yaliyotulia husukuma ganda taratibu na kwa usawa. Maji ya kasi hupiga mahali pamoja na kuinua ukingo wa mpira. Mtengenezaji aliyefanya vipimo vyote viwili ana haki ya kuandika zote mbili, kwa mfano IPX5/IPX7. Asipoandika, tusimwandikie sisi.

Baada ya hayo, tupime hali tatu ambazo mtumiaji hukutana nazo: jasho, mvua na kuogelea. Tutakaa zaidi kwenye jasho, kwa kuwa ndilo linaloonekana dogo na ndilo linalokutana na kifaa kila siku.

Katika mfumo wa IP hakuna tarakimu ya jasho. Neno la kuzuia jasho lililoandikwa kwenye boksi ni neno la muuzaji; huenda ni la kweli, lakini halitokani na kipimo cha alama hiyo. Jasho ni maji yaliyobeba chumvi, asidi kidogo na mafuta ya ngozi. Maji yakishakauka, chumvi hubaki. Hubaki kwenye wavu mdogo wa spika, kwenye tundu la maikrofoni, na juu ya zile nukta ndogo za chuma ambazo kupitia kwake kipokea sauti hupokea umeme kikiwa ndani ya kasha lake. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa haina uhaba wa unyevu.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Mkimbiaji amenunua vipokea sauti vyenye alama IPX4. Anakimbia mara nne kwa wiki, dakika 45 kila mara. Jasho linalofika masikioni mwake ni dogo mno ukililinganisha na maji ya kipimo cha IPX4, na ganda linalizuia vizuri. Hapo alama imetimiza ahadi yake. Anapomaliza, anavitoa masikioni vikiwa bado na unyevu, anavirudisha ndani ya kasha, anafunika kifuniko na kuliweka kasha mfukoni. Mara hiyo hiyo kasha linaanza kuvichaji.

Tatizo linaanzia hapo. Kati ya nukta mbili za chuma kuna volti chache za umeme, na kati yake kuna tone la maji ya chumvi. Umeme hupita ndani ya tone hilo, na unapopita, chuma cha upande mmoja huanza kumong'onyoka. Rangi ya dhahabu iliyopakwa juu ya nukta hutoboka, kisha shaba iliyo chini yake hushika kutu ya kijani au nyeusi. Jambo hili halitokei kwa siku moja. Hurudiwa mara nne kwa wiki, ndani ya kasha lililofungwa lisilopitisha hewa. Baada ya miezi kadhaa mkimbiaji anaona dalili ya kwanza: asubuhi moja upande wa kulia una chaji kamili na wa kushoto hauna kitu. Anautoa, anaurudisha, anaubonyeza, unachaji. Wiki inayofuata haukubali tena. Wakati huo sauti bado ni safi, na betri bado ni nzima. Kilichokufa ni mlango wa umeme.

Mkimbiaji huyu akirudi dukani na kusema kwamba boksi liliahidi kuzuia jasho, atajibiwa kwamba kutu ni uharibifu wa unyevu na dhamana haihusu unyevu. Majibu ya namna hiyo ni ya kawaida, kwa sababu masharti mengi ya dhamana huandikwa hivyo. Ndiyo maana twasisitiza kwamba karatasi ya dhamana isomwe pamoja na boksi, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Boksi likisifu uwezo wa kuhimili maji na dhamana ikiyatoa madhara yote ya maji, mnunuzi ajue kwamba sifa ile haina mdhamini.

Suala la kuchaji kitu chenye unyevu limefika hata mahakamani. Mwezi Juni mwaka 2022, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza kampuni ya Samsung nchini humo faini ya dola milioni 14 za Australia, katika shauri lililofunguliwa na Tume ya Ushindani na Walaji ya nchi hiyo. Bidhaa zenyewe zilikuwa simu, si vipokea sauti, lakini hoja ni ile ile. Matangazo yalionyesha simu zikitumika bwawani na baharini. Kampuni ilikubali kwamba simu ikichajiwa wakati tundu lake bado lina maji, upo uwezekano wa kweli wa tundu hilo kushika kutu. Simu hizo zilikuwa na alama ya IP68. Alama haikuwa ya uongo. Kilichopotosha ni picha, kwa kuwa zilikwenda mahali ambapo kipimo hakikufika.

Dawa ya mkimbiaji wetu ni nyepesi na haina gharama. Akimaliza mazoezi, avifute vipokea sauti kwa kitambaa laini kikavu, kisha apitishe kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji safi kwenye nukta za kuchajia ili kuondoa chumvi, na afute tena kwa kikavu. Aviache nje ya kasha, penye kivuli na hewa, kwa nusu saa au zaidi. Aangalie pia nukta zilizo ndani ya kasha, kwa kuwa jasho huhamia huko. Ndipo avirudishe. Asitumie sindano wala pini kusafisha wavu wa spika, maana nyuma yake huweza kuwa na utando mwembamba unaopitisha hewa na sauti lakini kuzuia maji. Utando huo ukitobolewa, alama yote ya IP imeondoka pamoja nao.

Tuje kwenye mvua. Kwa mvua ya kawaida, IPX4 inatosha kwa anayekimbia au kutembea. Matone ya mvua hupiga kwa nguvu ndogo kuliko maji ya bomba, na sikio lenyewe hufunika sehemu kubwa ya kifaa. Kwa mvua kubwa ya masika, inayopiga kwa saa nzima huku mtu akiwa kwenye baiskeli au pikipiki, IPX5 hutoa nafasi zaidi, kwa kuwa mwendo huongeza nguvu ya tone. Lakini hatari kubwa ya mvua haimo masikioni. Imo mfukoni. Alama iliyo kwenye boksi mara nyingi inahusu vipokea sauti peke yake. Kasha la kuchajia lina bawaba, kifuniko, tundu la waya na betri kubwa kuliko zote, na mara nyingi halina alama yoyote, au lina tarakimu ndogo zaidi. Mtu huweza kuikinga simu yake kwa mfuko wa plastiki na kuliacha kasha liloe ndani ya suruali. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani lina sehemu mbili: alama hii ni ya vipokea sauti au ni ya kasha? Na kama ni ya vipokea sauti, kasha lina alama gani?

Kuoga na vipokea sauti masikioni ni jambo tunalolitenga na mvua, ijapokuwa yote mawili yanafanana machoni. Sabuni hupunguza ule mvutano wa uso wa maji unaofanya tone lijikusanye na kukataa kupita kwenye tundu dogo. Maji yenye sabuni hutambaa na kupenya pale ambapo maji matupu yangesimama. Maji ya moto nayo hulegeza gundi. Kipimo cha IPX4, 5 au 7 hakikuhusisha sabuni, kwa hiyo hakimjibu anayeoga.

Mwisho ni kuogelea, na hapa kosa la kununua huwa ghali zaidi. Mnunuzi huona IPX7, husikia mita moja na dakika 30, akafikiri kwamba anaogelea juu juu tu na kamwe hafiki mita moja. Hesabu hiyo ina mapengo mawili.

Pengo la kwanza ni maji yenyewe. Mwogeleaji hasimami tuli. Kichwa hugeuka, mkono hupiga maji, na mtu akijirusha kutoka ukingoni, maji hupiga kifaa kwa nguvu ambayo kuzamishwa taratibu hakukuipima. Vilevile kuna joto. Kifaa kilichokaa juani ukingoni mwa bwawa kina hewa ya moto ndani yake. Kikitumbukizwa ghafla kwenye maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kuelekea ndani kupitia kila mwanya. Ndiyo sababu wapimaji hulinganisha joto kabla ya kuzamisha. Kisha kuna chumvi ya bahari na klorini ya bwawa, ambazo huendelea kula chuma na kukausha mpira hata baada ya mwogeleaji kurudi nyumbani.

Pengo la pili halihusiani na kuvuja hata kidogo, na wauzaji wengi hawalitaji. Vipokea sauti visivyo na waya hupata muziki kutoka kwenye simu kwa mawimbi ya Bluetooth, ambayo yako kwenye gigahazi 2.4. Mawimbi hayo hunyonywa na maji. Hewani husafiri mita kadhaa bila shida. Ndani ya maji hufa baada ya sentimita chache tu, na katika maji ya bahari hufa upesi zaidi. Hivyo hata kama kipokea sauti hakikuingiza tone moja, na simu imefungwa kiunoni ndani ya mfuko usiopitisha maji, sauti itakatika mara sikio linapozama. Tarakimu 7 au 8 haiwezi kurekebisha hilo, kwa kuwa si kosa la ganda.

Anayetaka muziki akiogelea anahitaji kifaa cha aina nyingine: chenye hifadhi yake ya ndani, ambamo nyimbo hupakiwa kabla ya kuingia majini, ili kusiwe na haja ya simu. Vifaa vya namna hiyo huandikwa IPX8 au IP68 pamoja na kina na muda, na maelekezo yake hutamka waziwazi kwamba vimekusudiwa kuogelea na kama maji ya chumvi yanaruhusiwa. Vingi hukaa mbele ya sikio na kupeleka sauti kwa mtikisiko wa mfupa. Kama boksi lina IPX8 lakini halitaji hifadhi ya ndani, mnunuzi anapata kifaa kitakachonusurika bwawani kikiwa kimya.

Ikiwa kipokea sauti kimezama kwa bahati mbaya, kisirudishwe kwenye kasha na kisichajiwe. Kikiwa kimeingia maji ya bahari au ya bwawa, na kina alama ya 7 au 8, kisuuzwe taratibu kwa maji safi, kifutwe, kiondolewe kifuniko cha mpira wa sikioni, kilazwe wavu ukitazama chini juu ya kitambaa kikavu, kiachwe siku nzima. Kukizika ndani ya mchele hakusaidii kuliko hewa, na vumbi la mchele huziba wavu. Wala kisikaushwe kwa mashine ya nywele, kwa kuwa joto hilo hilo ndilo linaloachanisha gundi. Sauti ikirudi ikiwa hafifu au ya upande mmoja, mara nyingi ni maji yaliyonasa kwenye wavu, na hupungua kadiri yanavyokauka. Kifaa kikipata joto chenyewe au kikivimba, kisivaliwe tena.

Kwa anayekwenda dukani kesho, twaomba abaki na maswali manne. Alama kamili ni ipi, pamoja na herufi na tarakimu zake zote? Inahusu vipokea sauti, kasha, au vyote? Kama ni 8, ni mita ngapi na kwa dakika ngapi? Na dhamana inasema nini kuhusu maji na jasho? Muuzaji akijibu kwa mdomo kwamba unaweza kuogelea nacho, mwombe aandike maneno hayo kwenye risiti. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa biashara unaopotosha walaji, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Lakini malalamiko huhitaji ushahidi: risiti, boksi lenye picha na alama yake, na karatasi ya dhamana. Watu wengi hutupa boksi siku ile ile waliyonunua, na pamoja nalo hutupa ile picha ya mwogeleaji iliyowashawishi. Lihifadhini mpaka dhamana iishe.